Hitilafu ya kuvizia: jinsi nilivyoinasa kwa mistari minne ya logi

Mtunza stoo wa duka moja la jumla alikatwa mshahara miezi miwili mfululizo kwa sababu ya katoni za sabuni. Mfumo ulisema zipo, rafu ikasema hazipo. Mfumo ule niliuandika mimi, na kila nilipokaa ofisini nikauza, nikapokea na kurudisha mzigo wa majaribio, hesabu ilitoka sawasawa. Mwenye duka alikuwa na haki ya kuamini kwamba tatizo ni mtu, si programu.

Nilipoteza karibu wiki nzima nikibonyeza vitufe vilevile. Laiti ningepiga hesabu kwanza. Hitilafu inayotokea mara moja katika mauzo 200, ukijaribu mara 100 bila kubadilisha chochote, uwezekano wa kutoiona hata mara moja ni zaidi ya nusu. Halafu nikaruka upande wa pili, nikawasha logi ya kila swali linalokwenda kwenye kanzidata. Diski ilianza kujaa, mfumo ukawa mzito, na katika mafuriko yale sikuweza kupata mstari hata mmoja wa kunisaidia. Logi nzito ina ubaya mwingine: inabadilisha mwendo wa programu, na kama hitilafu inategemea nani kamtangulia nani kwa sehemu ya sekunde, unaweza kuifukuza bila kuiponya.

Kilichonitoa ni kuacha kuuliza "imetokeaje" na kuuliza "nitajuaje kwamba imetokea sasa hivi?" Duka lilikuwa linagundua upungufu mwisho wa mwezi, siku ya kuhesabu mzigo. Kufikia hapo ushahidi umeshafukiwa na maelfu ya mauzo. Nilihitaji kengele inayolia siku hiyohiyo.

Kengele yenyewe ni rahisi. Kila mara kiasi cha bidhaa kinapobadilika, andika kilikuwa ngapi kabla na kimekuwa ngapi baada. Kwa bidhaa moja, "kabla" ya mstari huu lazima iwe sawa na "baada" ya mstari uliotangulia, kama pete za mnyororo. Pale mnyororo unapokatika ndipo hitilafu ilipopita. Nikaongeza mstari mmoja wakati wa kusoma kiasi, jina la kaunta, na saa yenye milisekunde. Basi. Hakuna jina la mteja wala namba ya simu, maana logi huzunguka mikononi mwa watu wengi.

Saa ilitaka uangalifu. Kompyuta za kaunta zilikuwa zimepishana kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo nilichukua saa ya kanzidata peke yake. Kwenye PostgreSQL tumia `clock_timestamp()`, usitumie `now()`, kwa kuwa `now()` hurudisha saa ambayo muamala ulianza, na ndani ya muamala mmoja haisogei. Logi nayo niliiandika kwenye faili, kwa sababu ukiiandika kwenye jedwali ndani ya muamala uleule, muamala ukifutwa na ushahidi unafutika nao. Kila usiku nilipakia faili kwenye jedwali la pembeni na kuuliza swali moja:

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT *, LAG(baada) OVER
    (PARTITION BY bidhaa_id ORDER BY saa) AS awali
  FROM logi_stoo WHERE tendo = 'andika'
) t
WHERE kabla <> awali;
```

Usiku wa kwanza mnyororo ulikatika mahali 14, na zote zilikuwa kengele za uongo. Kulikuwa na njia ya kupokea mzigo kwa faili la Excel ambayo sikuiwekea logi. Ukitumia mbinu hii, tafuta kwanza kila mahali panapogusa ile namba, hata njia unayodhani haitumiki tena.

Siku chache baadaye, Jumamosi saa nne na dakika 42 asubuhi, ikanaswa:

```
soma   417 kaunta=A kiasi=120            10:42:07.311
soma   417 kaunta=B kiasi=120            10:42:08.020
andika 417 kaunta=B kabla=120 baada=115  10:42:08.331
andika 417 kaunta=A kabla=120 baada=117  10:42:09.402
```

B aliuza katoni 5, A akauza 3. Zilizobaki zilipaswa kuwa 112, lakini A alikuwa ameshasoma 120 kabla B hajaandika, kwa hiyo aliandika 117 juu ya 115 ya mwenzake. Katoni 5 za B zikawa zimetoka dukani bila kutoka kwenye mfumo. Hakuna mwizi.

Mtego ulikuwa kuishia hapo. Mfano mmoja unakuonyesha kilichotokea, hauonyeshi ni hali gani lazima iwepo. Niliacha logi wiki mbili, nikapata mikatiko 9, kisha nikailinganisha na mauzo yaliyokwenda vizuri. Katika yote 9 kaunta mbili ziliuza bidhaa ileile, na mmoja wao alichukua zaidi ya sekunde moja na nusu kati ya kusoma na kuandika. Kwa kawaida pengo hilo lilikuwa theluthi ya sekunde. Pengo refu lenye kaunta moja halikuleta shida, wala kaunta mbili zenye bidhaa tofauti. Nikafuata msimbo kati ya mstari wa kusoma na mstari wa kuandika na kukuta programu inasubiri jibu la mashine ya risiti ya EFD. Mashine ikichelewa, dirisha linabaki wazi. Ofisini kwangu hapakuwa na mashine wala keshia wa pili, ndiyo maana sikuiona kamwe.

Kuizalisha tena sasa kulihitaji dakika tano. Kwenye nakala ya majaribio niliweka EFD bandia inayosubiri sekunde 5, nikafungua vivinjari viwili, nikauza bidhaa moja kwa kupishana sekunde moja. Mara 10 kati ya 10 hesabu iliharibika. Kisha nikaondoa hali moja moja: bidhaa tofauti, hakuna kosa; bila kuchelewa, karibu hakuna kosa. Hapo ndipo nilipokubali kwamba nimeijua.

Dawa ilikuwa kuiachia kanzidata kutoa hesabu yenyewe badala ya kuandika namba iliyosomwa zamani:

```sql
UPDATE bidhaa SET kiasi = kiasi - 3
WHERE id = 417 AND kiasi >= 3
RETURNING kiasi;
```

Lakini amri hii hufunga safu ya bidhaa hiyo mpaka muamala uishe. Kama ningeendelea kusubiri EFD ndani ya muamala, kila kaunta inayouza sabuni ingesimama foleni. Kwa hiyo mauzo sasa yanaandikwa kwanza yakiwa na alama ya kusubiri risiti, muamala unafungwa, ndipo mashine inaitwa.

Nilirudia jaribio lilelile la sekunde 5 mara 50, mnyororo haukukatika. Kama ningetegemea hitilafu ijitokeze yenyewe mara moja katika 200, ningehitaji mauzo kama 600 mfululizo bila kosa ili niwe na uhakika wa asilimia 95. Kulazimisha hali kunaokoa muda huo wote.

Ile mistari minne niliichapisha nikampelekea mwenye duka. Aliisoma mara mbili, akamwita mtunza stoo, na pesa zake zilirudishwa mwisho wa mwezi uleule.