Chokaa inayotoka na mgongo: nilivyouharibu ukuta mara mbili kabla ya kuupatia

Wiki jana msomaji mmoja wa Kangemi aliniandikia: "Kaka, ukuta wangu wa udongo nimeupaka chokaa mikono miwili, lakini mtu akiuegemea anaondoka na mgongo mweupe. Nimekosea wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Koti la kwanza kuharibiwa hivyo lilikuwa langu.

Nina vyumba vitatu vya kupangisha Kawangware, vya fito na udongo chini ya mabati, alivyoniachia mama. Najua wewe unayesoma hapa una vyako au unavitafuta, na unataka mpangaji aingie bila kukunja uso. Mimi pia nilitaka hivyo, tena haraka. Mwaka 2023 nikaleta fundi akapigilia waya wa kuku ukutani, akapiga plasta ya simiti. Ukuta ukang'aa na mimi nikapandisha kodi.

Ikaja masika ya 2024, ile iliyofurika Mathare na kwingineko jijini. Plasta ilianza na nyufa nyembamba kama nywele, kisha usiku mmoja kipande chenye upana wa mlango kikalala chini na waya wake. Asubuhi nilitia kidole nyuma ya kilichobaki. Udongo ulikuwa umelainika kama ugali mbichi. Mpangaji wangu, mama mmoja mkimya, alisema tu, "Baba, hii nyumba inalia." Alihama mwisho wa mwezi. Neno lile bado linaniuma.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Udongo hujaa ukilowa na kusinyaa ukikauka, simiti haiyumbi nao. Lazima ipasuke. Ufa ukishafunguka maji yanaingia, na kwa kuwa simiti haipumui, hayatoki. Ukuta unaozea ndani ya koti zuri. Fundi alijua kazi ya mawe, hakujua ya udongo, na mimi niliyemlipa sikuuliza.

Nikabandua yote, nikaamua safari hii ni chokaa. Hapo ndipo nilipoangukia kosa la msomaji wetu. Nilinunua mfuko kwenye agroveti kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko wa hadwea. Umeandikwa chokaa, ni unga mweupe, kuna nini tena? Kuna mengi. Chokaa ya shamba ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halikuchomwa. Ukilipaka ukutani ni vumbi la jiwe, halishiki kitu. Chokaa ya ujenzi imechomwa tanuruni kisha ikazimwa kwa maji, ndiyo maana ikipakwa hufyonza hewa ya ukaa na kugeuka jiwe upya, pale pale ukutani.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Weka kijiko cha unga kwenye sahani, mwagia siki. Ikitoa povu kwa nguvu kama soda, hilo ni jiwe la shamba, au ni chokaa nzuri iliyokaa dukani na mfuko wazi mpaka ikafa. Ile hai hutoa povu kidogo sana au haitoi kabisa. Tena koroga kidogo kwenye maji, acha yatulie, yaache wazi usiku kucha: chokaa hai huacha juu ya maji utando mwembamba kama barafu. Usiyashike kwa mkono mtupu, yanachoma. Vaa glavu, na macho uyafunike kwa miwani.

Plasta yenyewe niliifanya Julai, wakati wa kibaridi, jua lisiikaushe mbio. Udongo mwekundu wa Dagoretti una mfinyanzi mwingi, hivyo ukiwa peke yake hupasuka vipande kama kitanda cha mto uliokauka. Nilipiga viraka vitatu vya majaribio, kila kimoja ukubwa wa sinia, na mchanga tofauti. Cha kwanza kilikuwa karai moja ya udongo kwa moja ya mchanga, kikapasuka siku ya tatu. Cha udongo mmoja kwa mchanga mitatu kilichubuka kwa ukucha. Kilichosimama ni karai moja kwa mbili. Kwa kila makarai tisa ya mchanganyiko huo nikatia karai moja ya chokaa hai, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Udongo wako si wangu, kwa hiyo usiibe hesabu yangu. Piga viraka vyako na ungoje wiki moja. Watu hawapendi kungoja, ndiyo maana wanaplasta kila mwaka.

Chekecha udongo kwanza, mawe na mizizi vitoke. Parua ukuta uwe na makovu, ulowanishe kwa brashi, kisha tupa mkono wa kwanza wa unene wa kidole gumba. Ukishika lakini haujakauka, ukwaruze kwa msumari, halafu piga wa pili mwembamba na kuulainisha kwa mwiko. Baada ya hapo nilitundika magunia mabichi na kuyanyunyizia asubuhi na jioni kwa siku saba. Chokaa hukomaa na unyevu, na plasta iliyokaushwa na jua hubaki vumbi hata kama vipimo vilikuwa sahihi.

Kupaka ndiko kulikonipa raha. Nililoweka chokaa kwenye ndoo usiku mzima, nikaichuja kwa kitambaa, nikaiongezea maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Watu huipaka nzito kama uji ili wamalize upesi, nayo hubanduka magamba. Lowanisha ukuta, paka mkono mwembamba. Ukiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, usiogope, weupe huja ukikauka. Mimi nilipaka mikono mitano, mmoja kwa siku. Chokaa hujaza nyufa za unywele. Ufa unaotembea kwenye pembe ya fremu ya mlango haiuwezi. Huo uchimbe, ujaze plasta, kisha upake.

Na usidhani chokaa peke yake itazuia tope linaloruka ukutani. Baada ya mvua moja nilipima madoa mekundu ukutani, yalifika gotini. Maji ya paa yalikuwa yanapiga udongo mtupu na kuurusha. Nilichimba mtaro wa upana wa futi moja chini ya ukingo wa mabati, nikaujaza kokoto. Mvua iliyofuata, madoa yalikoma kwenye kifundo cha mguu. Mvua za vuli zikapita, masika ya 2025 yakapita, na nilichorudia ni mkono mmoja wa chokaa kila mwaka kabla ya masika. Fundi yule wa simiti alipita siku moja akagonga ukuta kwa kidole, akauliza nani amefanya. Nilimjibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikamwambia msomaji wangu anunue siki. Jioni akaniletea video, sahani inafurika povu. Basi asugue ukuta wote kwa brashi ngumu mpaka usiache unga mkononi, aulowanishe, aanze upya na chokaa ya ujenzi. Akauliza kama agroveti watamrudishia pesa. Sidhani. Lakini jirani yake ana shamba la sukumawiki, na kama udongo una asidi, mfuko ule utamfaa kuliko ulivyomfaa yeye.