Je, "hugawanyika" ni kusema daima?

"Katika maelezo ya mchezo wa briji niliandika: 'Karata tano za turufu zikibaki kwa wapinzani, hugawanyika tatu kwa mbili.' Mwenzangu amelikata neno hilo. Anasema hu- ni ya mambo yasiyobadilika, kama jua kuchomoza. Nani yuko sahihi?"

Hu- ni ya mazoea, na mazoea yana siku yake ya kuvunjika. Tukisema fulani huamka alfajiri, hatuapi kwamba hajapitiwa na usingizi hata siku moja. Hata hivyo, mwenzako ana sababu ya kushtuka. Penye hesabu, hu- iliyo peke yake husomwa kama kanuni. Mimi ningeitangulizia "aghalabu", na hapa neno hilo linastahili kabisa: tatu kwa mbili hutokea karibu mara 68 katika 100, nne kwa moja mara 28, na zote tano kuwa mkono mmoja mara 4 tu.

Sababu kubwa ni wingi wa njia. Kuna njia 10 za kumpa mpinzani wa kushoto karata mbili kati ya hizo tano, na njia 10 za kumpa tatu, jumla 20. Za nne kwa moja ni 10, za tano bila kitu ni 2. Ishirini katika 32 ni asilimia 62.5. Nyongeza inayofikisha 68 inatoka kwenye nafasi: kila mpinzani ana nafasi 13 mkononi, na karata ya kwanza ikienda kushoto, huko zinabaki 12 wakati kulia bado ni 13. Kwa hiyo inayofuata inavutwa kidogo kulia.

Mtego wenyewe hasa uko kwenye kukanusha. Zikibaki karata nne, tatu kwa moja ndiyo inayoongoza, karibu asilimia 50, na mbili kwa mbili ni kama 41. Ukiandika "karata nne hugawanyika mbili kwa mbili" umepotosha. Lakini hu- haina kikanushi chake. Tunaazima "hazigawanyiki", na "karata nne hazigawanyiki mbili kwa mbili" inasikika kama haitokei kamwe. Andika "mara nyingi hazigawanyiki", wala usiseme "hazihugawanyiki", ambalo si neno.

Jambo moja zaidi kuhusu sentensi yako: ipe sharti. Hesabu hizi ni za kabla mikono haijajulikana. Mpinzani wa kushoto akishaonyesha kopa saba, nafasi zake kwa karata nyingine ni 6 tu, na turufu zinaelemea kulia. Ningeandika hivi: "Ikiwa mikono ya wapinzani bado haijajulikana, karata tano za turufu zilizobaki kwao aghalabu hugawanyika tatu kwa mbili."