Kabla ya kulivika tangi la maji moto, pima joto linalopotea

Usikimbilie kununua blanketi la tangi. Jua kwanza unapoteza kiasi gani. Kipimo chenyewe ni cha usiku mmoja. Jioni, maji yakishapata moto, fungua koki iliyo karibu na tangi, acha maji yatiririke mpaka joto litulie, kisha soma kipimajoto. Zima swichi, na mtu yeyote asitumie maji ya moto hadi asubuhi. Kabla ya kuwasha, pima tena vilevile. Yale ya mwanzo yaliyolala kwenye bomba yamwage, hayasemi lolote kuhusu tangi.

Tangi langu la umeme ni la lita 150. Kwa saa kumi, maji yalishuka kutoka nyuzijoto 60 hadi 48. Zidisha lita kwa nyuzi zilizopungua, kisha kwa 1.16, upate wati-saa: 150 × 12 × 1.16 ni karibu 2,090. Hizo ni uniti mbili na ushee, na hakuna aliyenawa hata mikono! Hasara halisi huzidi hapo kidogo, kwa sababu maji yaliyopoa hutuama chini ya tangi na wewe unapima ya juu.

Baada ya hapo pitisha kiganja. Ganda la tangi likiwa na uvuguvugu, kama langu lilivyokuwa, blanketi litalipa. Likiwa halina joto kabisa, kinga ya kiwandani inatosha; shughulika na mabomba.

Na mabomba ndiyo watu wengi huyasahau. Lile linalotoka juu ya tangi hupoteza joto hata koki zote zikiwa zimefungwa: maji ya moto hupanda ndani yake, hupoa, hurudi kwenye tangi, na mengine hupanda. Nilivika mita mbili za kwanza za bomba la moto na mita moja ya lile linaloingiza maji baridi. Mrija wa sponji lazima ulibane bomba. La milimita 22 lataka tundu la milimita 22, vinginevyo hewa itapita katikati na kubeba joto. Gundisha mpasuo wote. Kwenye kona kata sponji kwa nyuzi 45 ili vipande vikutane, maana kona iliyoachwa wazi huendelea kuvujisha joto.

Blanketi nililotumia ni la pamba ya kioo, unene wa milimita 80. Usikaze mikanda. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye pamba, ukiibana unaifukuza. Kifuniko cha themostati, nyaya na vali ya usalama viache wazi. Tangi la gesi usilifunike juu, wala kwenye bomba la moshi na tundu la kuingizia hewa. Ukiona unyevu au kutu inayochuruzika, tafuta fundi kwanza, kwa kuwa pamba iliyolowa haizuii joto.

Nilirudia kipimo usiku wenye hali ya hewa kama ile ya awali. Maji yalishuka kutoka 60 hadi 55, yaani wati-saa 870.