Nusu uhai: toa mionzi ya mazingira kwanza, ndipo ugawe kwa mbili

Maswali mengi ya nusu uhai hayana hesabu ngumu kuliko kugawa kwa mbili, lakini alama hupotea kwa sababu mwanafunzi anaanza kugawa namba isiyostahili kugawanywa. Tutumie iodini-131, ambayo hospitali huitumia kutibu ugonjwa wa tezi ya shingoni. Nusu uhai wake, yaani muda ambao nusu ya atomu zake huvunjika, ni takriban siku 8.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Kiini cha atomu ya iodini-131 si imara. Wakati wowote kinaweza kutoa chembe ya beta pamoja na mionzi ya gama, na hapo kinageuka kuwa kiini cha zenoni-131, ambacho ni imara. Hakuna anayeweza kutaja kiini kipi kitafuata. Kiini kilichokaa mwezi mzima hakijazeeka; uwezekano wake wa kuvunjika leo ni uleule wa kiini kilichoundwa asubuhi hii. Chukua sarafu 100, zirushe, uondoe zote zilizoonyesha kichwa. Zitabaki karibu 50. Rusha zilizobaki, zitabaki karibu 25. Huwezi kujua sarafu ipi itaondoka, lakini unajua karibu nusu itaondoka. Viini navyo viko hivyo, na kwa kuwa ni mabilioni kwa mabilioni, hiyo "karibu nusu" inakuwa nusu kamili kwa vipimo vyetu. Kuchemsha sampuli au kuiweka kwenye barafu hakubadilishi kitu.

Sasa swali. Kaunta ya Geiger iliyowekwa karibu na sampuli inasoma mipigo 420 kwa dakika. Baada ya siku 24, ikiwa mahali palepale, inasoma 70. Sampuli ikiondolewa, kaunta inasoma 20. Tafuta nusu uhai.

Ile 20 ndiyo mtego wenyewe. Inatokana na miamba, udongo, kuta za jengo na mionzi kutoka angani. Ilikuwepo siku ya kwanza na ipo siku ya 24. Haipungui pamoja na iodini. Kwa hiyo iondoe katika kila kipimo kabla ya kufanya lolote:

Mwanzo: 420 − 20 = 400
Baada ya siku 24: 70 − 20 = 50

Gawa kwa mbili, ukihesabu hatua: 400 → 200 → 100 → 50. Hatua ni tatu. Hesabu mishale, usihesabu namba. Namba ziko nne, na wanaozihesabu huishia kupata siku 6. Nusu uhai = siku 24 ÷ 3 = siku 8.

Ukipenda kanuni, ni hii, ambapo N₀ ni kiasi cha mwanzo, N ni kiasi kilichobaki, na n ni muda uliopita ukigawanywa kwa nusu uhai:

N = N₀ × (½)ⁿ

Hakiki: 400 × (½)³ = 400 × ⅛ = 50. Angalia kwamba nusu tatu ni moja ya nane, si moja ya sita. Anayegawa 400 kwa 6 anapata karibu 67, na kosa lake ni kuzidisha 2 × 3 badala ya 2 × 2 × 2.

Je, ukisahau kutoa ile 20? Utaandika 420 → 210 → 105 → 52.5, na 70 haionekani popote. Ukiona hivyo kwenye swali la mtihani, rudi juu ukasome upya kabla ya kukisia. Kwenye grafu dalili ni wazi zaidi. Mchirizo uliosahihishwa unatoa siku 8 ukishuka kutoka 400 hadi 200, na siku 8 tena kutoka 200 hadi 100. Usiosahihishwa unatoa karibu siku 8.6, kisha 9.3, kisha 11.1. Nusu uhai unaorefuka kila unapoupima ni alama ya mionzi ya mazingira iliyoachwa ndani.

Jambo la mwisho ni la maabara. Mipigo hutokea kibahati, hivyo usishangae ukipata 413 dakika moja na 431 dakika inayofuata. Mtawanyiko ni kama kipeuo cha pili cha jumla ya mipigo: kwa 400 ni takriban 20, sawa na asilimia 5, lakini kwa 20 ni zaidi ya 4, yaani asilimia 22. Ndiyo maana mionzi ya mazingira hupimwa kwa dakika 10 kisha ikagawanywa kwa 10, badala ya kuamini dakika moja. Na baada ya siku 80, ambazo ni nusu uhai kumi, ile 400 itakuwa chini ya mpigo mmoja kwa dakika. Iodini bado ipo, ila kaunta hii haiwezi tena kuitofautisha na ukuta wa darasa.