Pini ilikuwa 11.9, mimi nikaandika 12.9

Mwaka wangu wa kwanza wa kupimia watu vyuma kwa pesa, mzee mmoja kutoka Ahero aliniletea pini ya pampu ya kukanyaga, ile ya kuvutia maji ya kunyunyizia sukuma wiki. Bushi ya pini hiyo, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu ambamo pini huzunguka, ilikuwa imelika hadi tundu likawa na umbo la yai, naye alitaka bushi nyingine. Kazi yangu ilikuwa kupima pini, kisha jirani yangu wa lethi hapa Kibuye atoboe kipande cha shaba. Nikapima kwa vania, kile kifaa cha taya kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya milimita, nikaandika 12.9 kwa chaki kwenye bati la mlango. Jirani akaongeza nafasi kidogo ya kuzungukia, akatoboa 13.1. Mzee alipoitia pini ndani, ikacheza kama kijiko kwenye kikombe.

"Kijana," akaniuliza, "hii umenipimia ya nani?"

Pini ilikuwa 11.9. Nilikosea kwa milimita moja kamili, na shaba nikailipa mimi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile tisa ya mwisho, sehemu ya kumi ambayo kila mtu huiogopa, niliisoma sawasawa. Nilikosea kwenye namba nzima, ambayo hata mtoto mwenye rula angeisoma. Tangu siku hiyo nimewaona vijana wengi karakana wakianguka kwenye shimo lilelile, kwa hiyo nalieleza hapa jinsi ninavyolieleza kwao.

Chukua vania ya kawaida ya sehemu ya kumi. Mwili wake una skeli kuu ya milimita, na kitelezi kina skeli ndogo yenye nafasi kumi. Nafasi hizo kumi hazijazi milimita kumi, zinajaza tisa tu. Yaani kila nafasi ya kitelezi ni milimita 0.9, pungufu ya milimita nzima kwa 0.1. Ukifunga taya, sifuri inatazamana na sifuri, na mstari wa kumi wa kitelezi unatazamana na mstari wa 9 wa skeli kuu. Fungua taya kwa 0.1 tu, na mstari wa kwanza wa kitelezi unafikia mstari wa milimita ya kwanza na kukaa nao sawa. Fungua kwa 0.2, ni zamu ya mstari wa pili. Ndiyo maana mstari unaokaa sawa na mwenzake wa juu ndio unaokupa sehemu ya kumi. Usijishughulishe na ni milimita ipi ya juu umekutana nayo, hesabu tu ni mstari wa ngapi kwenye kitelezi.

Milimita nzima husomwa kwingine kabisa. Tazama sifuri ya kitelezi, kisha usome mstari wa skeli kuu ambao sifuri hiyo imeshaupita. Usisome ukingo wa chuma wa kitelezi, maana ukingo umetangulia kabla ya mstari wa sifuri na hauna maana yoyote. Kuna kijana aliyekuwa akiutumia ukingo wiki nzima, na kila kitu alichopima kilitoka kidogo kuliko kilivyo.

Sasa turudi kwa pini ya mzee. Kwenye 11.9, sifuri ya kitelezi iko 0.1 tu nyuma ya mstari wa 12. Kwa jicho la haraka, tena chini ya mabati saa nane mchana huku mwanga ukimetameta kwenye chuma, sifuri inaonekana imekaa juu ya 12. Nikasema kumi na mbili. Kisha nikatafuta mstari uliokaa sawa, nikapata wa tisa, nikaunganisha: 12.9. Lakini kama pini ingekuwa 12.9 kweli, sifuri ingekuwa imeiacha 12 mbali na iko karibu kugusa 13. Namba mbili nilizosoma hazikuweza kuwa kweli kwa pamoja, na hilo ndilo sikulitazama.

Kwa hiyo siku hizi nauliza swali moja kabla ya kuandika chochote: sifuri iko wapi kati ya mistari miwili ya milimita? Ikiwa imeuacha mstari wa nyuma kidogo tu, nategemea kitelezi kiniambie 1 au 2. Ikiwa katikati, nategemea 4, 5 au 6. Ikiwa karibu kuufikia mstari wa mbele, nategemea 8 au 9, na hapo namba nzima ni ya mstari wa nyuma, hata kama jicho linanivuta mbele. Kitelezi kikisema 9 nami nimeona sifuri imepita mstari kidogo tu, basi kimoja kati ya hivyo viwili nimekisoma vibaya, narudia. Swali hilo linachukua sekunde mbili, na shaba ina bei yake.

Kuna wakati mistari miwili au mitatu inaonekana yote imekaa sawa. Usikisie. Itazame mistari ya pande zote mbili. Kwa mfano, mstari wa sita ukiwa ndio wenyewe, wa tano utakuwa umetokeza kidogo kulia kwa mwenzake wa juu, na wa saba utakuwa umebaki kidogo kushoto. Yaani majirani wote wawili wanaegemea ndani, kuelekea ule wa katikati, na wanaegemea kwa kiasi kilekile. Kama wa sita na wa saba wameachana na wenzao kwa kiasi sawa, mmoja kulia na mwingine kushoto, ukweli uko katikati yao, na ukiandika lolote kati ya hayo mawili hujakosea kwa zaidi ya 0.05. Ukikuta sifuri na kumi zote zimekaa sawa, usishtuke: hiyo ni milimita kamili, bila sehemu ya kumi.

Kwenye kusoma huku, shingo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Uso wa kitelezi uko juu kidogo ya uso wa skeli kuu, kwa hiyo ukitazama kwa upande, mistari inahama. Mimi hufunga skrubu ya juu taratibu, natoa kifaa kwenye kitu ninachopima, nakiinua hadi usawa wa jicho na kukigeuzia mwanga. Jaribu kusogeza kichwa kushoto na kulia huku ukitazama mstari mmoja, utaona mwenyewe jinsi sita inavyogeuka saba.

Kabla ya hayo yote, funga taya tupu. Futa kwanza kwa kitambaa, kwa sababu kipande kidogo cha chuma cha grainda kikibaki kwenye taya kinakula sehemu ya kumi nzima. Vania yangu ya zamani iliwahi kuanguka sakafuni, na tangu hapo ikifungwa, sifuri ya kitelezi ilikuwa inabaki kushoto kwa sifuri kuu, na mstari uliokaa sawa ulikuwa wa nane. Wengi hapa husema kosa ni 0.8. Siyo. Sifuri iko nyuma, kwa hiyo unahesabu kutoka kwenye kumi kurudi nyuma: kumi kutoa nane ni mbili, kosa ni hasi 0.2. Kifaa hicho kinapunguza, kwa hiyo unakirudishia. Kikikusomea 11.7, ukweli ni 11.9. Kama sifuri ya kitelezi ingekuwa kulia na mstari wa pili ndio umekaa sawa, kosa lingekuwa 0.2 ya kuzidisha, nawe ungetoa.

Ukitaka kukijaribu mbali na sifuri, huhitaji kifaa cha bei. Omba beringi mpya ya 6202 kwa jirani wa vipuri vya boda boda. Kipenyo chake cha nje ni milimita 35, na kiwanda huishika namba hiyo kwa usahihi ambao vania ya sehemu ya kumi haiwezi hata kuuona. Ikikusomea 35.2 huku sifuri ikiwa safi, huenda taya zimelika au zimepinda.

Mzee alirudi kesho yake, maana nilimwambia bushi ya pili ni juu yangu. Safari hii sikupima pini mahali pamoja. Nilianza mwishoni, pale ambapo haijawahi kusuguana na kitu, nikiikaza pini ndani kabisa ya taya karibu na mwili wa kifaa. Ukipimia kwenye ncha za taya, kitelezi kinainama kidogo na ncha zinaachana, ukisukuma sana ndiyo mbaya zaidi. Nikapata 11.9. Nikaigeuza robo mzunguko, 11.9 tena. Kisha nikaenda katikati, pale bushi ya zamani ilipokuwa. Hapo upande mmoja nikapata 11.7, nikigeuza robo nikapata 11.8. Kumbe bushi haikulika peke yake, pini nayo ilikuwa imelika, tena upande mmoja zaidi.

Hapo ndipo kupima kunageuka kuwa uamuzi. Bushi lazima ipitishe ule mwisho wa 11.9, kwa hiyo tundu haliwezi kuwa chini ya hapo, nikamwomba jirani 12.1. Lakini pale katikati, penye 11.7, nafasi ingekuwa 0.4, na kwa pampu inayokanyagwa maelfu ya mara kwa siku, hiyo si nafasi ya kudumu. Nikamweleza mzee hivyo. Akakata kauli, akanunua kipande cha fimbo ya 12 tukakata pini mpya. Fimbo hiyo nayo nikaipima, ikawa 11.9 mwanzo hadi mwisho. Fimbo inayouzwa kama 12 mara nyingi hupungua kidogo, na hapo nikakumbuka chaki yangu ya juzi: kama ningejiuliza tu ni fimbo gani dukani inayoleta 12.9, ningeshtuka mapema.

Tundu nililipima kwa taya ndogo za juu. Humo mambo yamegeuka: kwa pini unatafuta namba ndogo kabisa unapotikisa kifaa, kwa tundu unatafuta kubwa kabisa, maana usipokaa katikati ya tundu utapima kidogo. Isitoshe taya hizo zina bapa jembamba, na kwenye tundu dogo bapa hilo haligusi katikati bali pembeni, kwa hiyo namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Nilisoma 12.0. Pini ikaingia kwa uzito wake yenyewe, bila kutikisika.

Kazi hii vania ya sehemu ya kumi inaiweza. Kama mzee angetaka nipimie shafti ya kubana ndani ya beringi ya 6202, ningemwambia sina kifaa. Tundu la beringi hiyo ni milimita 15, na kiwanda huruhusu lipungue kwa 0.008 tu. Hiyo ni kazi ya maikromita, na ninamjua mtu Nakuru anayo.