Ratiba ya boti iliyoganda kwenye simu: maswali yenu kuhusu kache

Nafungua ukurasa wa ratiba ya boti, naona saa za mwezi uliopita. Mdogo wangu yupo Unguja, anafungua ukurasa huo huo anaona saa mpya. Nimeshateremka Mkoani nikakuta boti imeondoka. Kijana wa duka la simu ananiambia "futa kache". Hiyo kache ni nini? (Mama wa Wete)

Pole sana mama, hasa kwa nauli ya gari iliyokwenda bure. Kijana amekwambia kweli, ila hakukueleza.

Mfikirie mwenye duka anayepima sukari kilo kilo asubuhi, akafunga pakiti, akaziweka chini ya kaunta. Mteja akija, hapandi tena ghalani. Kivinjari chako, yaani Chrome au kingine unachotumia, hufanya hivyo hivyo. Ukifungua ukurasa mara ya kwanza, hushusha picha, maandishi na mapambo yake kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayouhifadhi ukurasa huo, kisha hujiwekea nakala ndani ya simu. Nakala hizo ndizo kache. Siku ya pili ukurasa unafunguka upesi na bando lako haliliwi sana, kwa kuwa vitu vingi vimo humo humo simuni.

Sasa, pakiti za chini ya kaunta zimeandikwa bei. Bei ikibadilika ghalani, zile zilizokwisha kufungwa bado zina bei ya jana. Ratiba nyingi za boti huwekwa kama picha, tuseme `ratiba.jpg`. Seva ilipokupa picha hiyo ilikwambia pia ukae nayo muda gani, labda siku 30. Wenye boti walipobadilisha saa, wakaweka picha mpya kwa jina lile lile. Simu yako ikaona jina inalolijua na siku 30 hazijesha, basi haikuuliza kitu. Mdogo wako pengine hakuwa ameufungua ukurasa huo kabla, kwa hiyo yeye alipewa picha mpya moja kwa moja.

Kabla ya kufuta, jaribu kwanza. Kwenye Chrome gusa vile vidoti vitatu, chagua `New Incognito tab`, ufungue ukurasa huo humo. Dirisha hilo haligusi kache yako ya kawaida. Ukiona saa mpya, kosa ni nakala ya zamani ndani ya simu. Ukiona bado za zamani, usijisumbue kufuta. Tatizo liko kwa wenye ukurasa, nawe wapigie simu.

Kama ni kache, rudi kwenye vidoti vitatu, ingia `Delete browsing data` (simu nyengine huandika `Clear browsing data`). Acha alama kwenye `Cached images and files` peke yake, nyengine ziondoe. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: juu pana muda wa kuchagua, na mara nyingi umewekwa dakika 15 za mwisho au saa moja. Picha yako imeingia mwezi uliopita, kwa hiyo haitaguswa. Chagua `All time`, ndipo ufute.

Mimi nimevuta ukurasa chini ujipakie upya mara kumi, picha haibadiliki. Kwani kupakia upya si ndiko kufuta? (Msomaji wa Chake Chake)

Siko. Ukivuta chini, Chrome huiuliza seva kuhusu ukurasa wenyewe, lakini picha zilizomo ndani, kama muda wake haujesha, huzichukua pale pale zilipo. Ndiyo maana unaweza kuona tangazo jipya juu ya ukurasa na chini yake ratiba ya zamani. Ukiona mchanganyiko wa namna hiyo, pengine ni kache. Kwenye kompyuta bonyeza `Ctrl+Shift+R`, hiyo hushusha kila kitu upya. Kwenye simu fuata njia niliyomwandikia mama wa Wete.

Naogopa kufuta. Picha za harusi ya mwanangu na meseji za WhatsApp hazitapotea? (Bi mmoja wa Mwanakwerekwe)

Kufuta kache hakugusi picha zako, namba zako wala meseji zako. Kache ni nakala tu, na asili yake iko kwengine.

Hofu yako ina mahali pake lakini. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu ya Android, ukachagua programu fulani kisha `Storage & cache`, utaona vitufe viwili vilivyokaa pamoja: `Clear cache` na `Clear storage`, ambacho kwenye simu nyengine huitwa `Clear data`. Cha kwanza ni salama. Cha pili huirudisha programu kama ilivyokuwa siku uliyoiweka. Ukikibonyeza kwenye WhatsApp, itakuuliza namba yako upya, na mazungumzo ambayo hukuyawekea akiba nje ya simu yamekwenda. Nakuomba usikiguse kwa sababu tu mtu kakwambia simu nzito.

Na unapofuta ndani ya Chrome, ukiacha alama kwenye `Cookies and site data` utatolewa kwenye akaunti nyingi za tovuti ulizoingia. Akaunti zenyewe hazipotei, lakini nywila utaitafuta.

Simu yangu imejaa. Kila jioni nafuta kache ya programu zote, asubuhi imejaa tena. (Kijana wa Micheweni)

Acha, unajipotezea bando. Kila unachokifuta jioni, programu hukishusha tena kesho. Isitoshe, Android yenyewe hupunguza kache nafasi inapokuwa ndogo. Kinachoijaza simu mara nyingi ni video za makundi ya WhatsApp: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, `Storage and data`, kisha `Manage storage`, uanze na faili kubwa.

Nina nyumba ya wageni Jambiani. Nimebadilisha picha ya bei kwenye tovuti yetu, wageni bado wananitumia bei ya zamani. Niwaambie wafute kache?

Usiwaambie, ndugu yangu. Mgeni hawezi kujua kwamba anachokiona ni cha zamani, na wala si kazi yake. Dawa iko upande wako. Mwambie aliyekutengenezea tovuti aangalie seva inatuma nini pamoja na picha hiyo. Akikuta mstari huu:

```
Cache-Control: max-age=2592000
```

hizo ni sekunde, sawa na siku 30. Unaweza kumwambia auweke huu badala yake:

```
Cache-Control: no-cache
```

Jina linapotosha. Halikatazi kuweka nakala. Linaiambia simu iulize kila mara kabla ya kuitumia. Kama picha haijabadilika seva hujibu kwa ufupi `304 Not Modified`, na mgeni hashushi picha tena.

Ila mstari huo hauwafikii waliokwisha kupewa siku 30. Simu zao hazitauliza mpaka siku zishe. Kwa hao, badilisha jina la faili: `bei.jpg` iwe `bei-2.jpg`, na ukurasa uelekezwe kwenye jina jipya. Simu haijapata kuliona jina hilo, italifuata kwenye seva. Ukurasa wenyewe nao uwe na `no-cache`, maana ukigandishwa siku 30 utaendelea kuita jina la zamani. Kila ukipandisha bei msimu wa wageni, ongeza namba.