Soma lebo ya ubavuni kabla hujaandika "pamba"

Maelezo ya nguo kwenye kurasa nyingi za mitumba yanafanana: "Gauni kali, kitambaa laini, halichuji, bei poa." Mteja aliyeko Mwanza hawezi kuligusa, kwa hiyo anarudi na maswali yale yale: linavutika? Lina joto? Nikilifua litarudi? Mimi huchagua nguo Karume, Ilala, na sehemu kubwa ya mauzo yangu ni kwa picha za WhatsApp, hivyo maswali haya huyapata kila siku. Majibu yake karibu yote yameshonwa ndani ya nguo yenyewe, kwenye kile kitambaa kidogo cha mshono wa ubavuni, upande wa kushoto, juu kidogo ya pindo. Kwenye suruali hukaa kiunoni kwa ndani. Nguo za karibuni mara nyingi hazina kitambaa hicho, maandishi yamepigwa chapa nyuma ya shingo, na yakishafifia inabidi uiinamishe nguo kwenye mwanga ndipo uyaone.

Lebo ina habari mbili na watu wengi husoma moja tu. Ya kwanza ni nyuzi na asilimia zake, ambazo huhesabiwa kwa uzito. Ya pili ni zile alama: beseni, pembetatu, mraba, pasi na duara. Nyuzi zinakuambia nguo imetengenezwa na nini. Alama zinakuambia mtengenezaji anaogopa nini kuhusu nguo hiyo, na mimi naona hapo ndipo penye siri nyingi zaidi, kwa sababu kiwanda huweka masharti kwa kuangalia sehemu dhaifu kuliko zote.

Chukua gauni moja lililotoka kwenye belo la magauni marefu. Ni jeusi lenye maua, mikono mifupi, na ukilishika ni zito kiasi, laini na la baridi mkononi. Muuzaji wa jirani angeliita pamba bila kufikiri. Lebo inasema viskosi asilimia 95, elastani asilimia 5. Beseni lina namba 30 na mstari mmoja chini yake. Pembetatu imepigwa mkasi, yaani alama ya X. Mraba una mstari wa kulala katikati. Pasi ina nukta moja.

Tuanze na viskosi, ambayo nguo za Marekani mara nyingi huiita reyoni. Inatengenezwa kwa rojo la miti, kwa hiyo hunywa maji kama pamba, tena kuizidi. Ndiyo maana ni baridi kwenye ngozi na inafaa joto la Dar kuliko poliesta, ambayo hainywi jasho karibu kabisa. Lakini ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, wakati pamba ikilowa huzidi kuwa imara. Hapo utaelewa ule mstari chini ya beseni. Kwenye mashine maana yake ni mzunguko wa taratibu. Sisi wengi tunafua kwa mkono, na maji ya bomba ya Dar hayako mbali na hizo nyuzi joto 30, kwa hiyo namba haina kazi sana. Mstari ndio wenye kazi: usifikiche na usikamue kwa kusokota, maana nguo iko kwenye udhaifu wake wakati huo.

Elastani ndiyo inayovuta na kurudisha. Asilimia 5 inaonekana kidogo, ila kwa kuwa ni uzito, na uzi wake ni mwembamba, inatosha kabisa kulifanya gauni liushike mwili. Viskosi na elastani kwa kiwango hicho mara nyingi ni kitambaa cha vitanzi, kama cha tisheti, si cha nyuzi zilizopishana kama cha shati. Hakikisha kwa kukinyoosha kwa upana na kukiangalia karibu. Pembetatu yenye mkasi inasema jiki marufuku, na hata isingekuwepo ungepaswa kujua, kwani klorini huila elastani. Nguo iliyopitia jiki utaiona: ukiivuta inakwenda lakini hairudi, na kwenye magoti au viwiko kuna mifuko.

Mraba wenye mstari wa kulala unasema lianikwe limelazwa. Kiwanda hakisemi hivyo bure. Viskosi imenywa maji mengi, imekuwa nzito, na kitambaa ni cha vitanzi, kwa hiyo likining'inizwa kwenye kamba kwa mabega litarefuka kwa uzito wake lenyewe. Gauni lililokuwa linaishia kifundoni litafagia sakafu. Na hapa mtumba una faida ambayo nguo mpya haina: limeshafuliwa huko lilikotoka, kwa hiyo kusinyaa kwa mara ya kwanza kumeshatokea kwa sehemu kubwa. Vipimo unavyochukua leo vina ukweli kuliko herufi ya saizi iliyoandikwa shingoni. Mimi hulilaza mezani bila kulivuta na kupima, kisha nalivuta kifuani bila kulazimisha na kupima tena.

Sasa maelezo yanajiandika yenyewe. Hili ndilo ninaloweka chini ya picha:

"Gauni refu, viskosi 95, elastani 5, imesomwa kwenye lebo. Si pamba. Ni la baridi, linamwagika, linashika mwili bila kubana. Kwapa hadi kwapa sentimita 44 likiwa limelazwa, linavutika hadi 52. Urefu 128. Likilowa jasho huonekana kidogo kwenye sehemu nyeupe za maua. Fua kwa mkono bila kusokota, usiweke jiki, lianike limelazwa la sivyo litarefuka. Pasi ya moto mdogo, kwa ndani."

Mtu atasema unamfukuza mteja kwa kumwambia habari za jasho na kurefuka. Kwangu imekuwa kinyume. Anayetaka gauni la ofisini ambalo halionyeshi umbo ataliacha, na ni bora aliache sasa kuliko baada ya kulipokea stendi. Anayetaka la kuendea harusi ufukweni atalichukua mara moja kwa sababu ya maneno hayo hayo.

Kuhusu pasi niseme kidogo. Nukta moja ni joto la nyuzi 110 hivi, mbili ni 150, tatu ni 200. Pasi ya mkaa haina nukta. Kwa hiyo usimwandikie mteja "nukta moja", mwandikie jambo analoweza kufanya: subiri pasi ipoe, jaribu kwanza kwa ndani kwenye pindo, weka kitambaa cha pamba juu. Poliesta ikipigwa pasi ya moto wa pamba hung'aa pale pasi ilipopita, na ule mng'ao hautoki tena.

Sasa mtego mkubwa, koti. Lebo ya koti lenye bitana huwa na mafungu mawili au matatu: kitambaa cha nje, bitana, na wakati mwingine bitana ya mikono peke yake. Wauzaji husoma mstari wa juu na kufunga mjadala. Unakuta koti la kitani asilimia 100 nje, na chini yake imeandikwa bitana poliesta asilimia 100. Kinachogusa ngozi ya mtu ni bitana. Ukimwandikia "kitani safi, halina joto" umemdanganya, ingawa neno kitani liko kwenye lebo. Andika: nje kitani, ndani bitana ya poliesta mwili mzima, litakuwa na joto mchana wa Dar, linafaa ofisi yenye kiyoyozi au jioni. Kama bitana ni nusu, yaani mgongoni juu na mikononi tu, piga picha ya ndani uonyeshe, kwa sababu hilo ni jambo zuri na linauza.

Alama zikipingana na nyuzi, simama uchunguze. Poliesta tupu kwa kawaida huvumilia kufuliwa, sasa ukikuta blauzi ya poliesta asilimia 100 ambayo beseni limepigwa mkasi na kubaki duara la drai klina pekee, jiulize kiwanda kinaogopa nini. Mara nyingi utakuta shanga zilizobandikwa kwa gundi, au kola yenye kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa joto ambacho kikilowa huachia na kufanya malengelenge. Tafuta malengelenge hayo kwa kupitisha kiganja kwenye kola na sehemu ya vifungo. Yakiwepo, yataje. Vivyo hivyo maneno ya kufua peke yake au na rangi zinazofanana: hayo ndiyo jibu la swali la kuchuja. Paka kitambaa cheupe chenye maji kwenye mshono wa ndani, sugua, uone kama kinashika rangi, kisha andika ulichokiona badala ya "halichuji".

Lebo haisemi kila kitu. Pamba asilimia 100 inaweza kuwa jinzi inayosimama yenyewe au shati jepesi linaloonyesha sidiria. Satini ni namna ya kufuma, na satini nyingi ninazokutana nazo kwenye mitumba ni poliesta, kwa hiyo mng'ao peke yake haukupi ruhusa ya kuandika hariri. Uzito na upenyo wa mwanga lazima uupime mwenyewe. Mimi huweka mkono ndani ya nguo mbele ya dirisha, na kama vidole vinahesabika naandika kwamba inahitaji shimizi.

Zipo na nguo ambazo lebo imekatwa. Kwa hizo chomoa uzi kwenye ziada ya mshono wa ndani, ushike kwa kibano, uchome juu ya sahani mbali na nguo. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu, ni pamba, kitani au viskosi. Ukiyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi, ni poliesta au ndugu zake. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu au hariri. Moto hautakutenganishia pamba na viskosi. Lowesha uzi mwingine na uuvute, wa viskosi hukatika kirahisi kuliko ukiwa mkavu. Nyuzi zilizochanganywa zitakupa dalili mbili kwa pamoja, na huwezi kupata asilimia kwa njia hii. Basi usiandike asilimia. Andika: "Lebo haipo. Uzi umechomwa, una nyuzi za plastiki ndani yake. Kitambaa hakivutiki, hakionyeshi, ukikikunja mkononi kinarudi bila mikunjo." Mteja wa Njombe akiuliza kama kitamkinga na baridi, mwambie ni kizito kiasi gani na kama kina bitana, maana hayo umeyaona kwa macho.